Ripoti Nne Ndani ya Jalada Moja

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, saa tatu na robo asubuhi. Saa hiyo mhadhiri aliirudisha ripoti ya kikundi cha binti yangu, na juu ya jalada aliandika kwa kalamu nyekundu: "Hizi ni ripoti nne. Nileteeni moja. Alhamisi saa sita mchana, la sivyo mnarudia mwaka."

Kurudia mwaka ni neno rahisi kwa anayelipwa mshahara. Mimi ni seremala. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mama yake binti hayupo kunisaidia. Tulikubaliana, binti na mimi, kwamba mwaka huu ndio wa mwisho. Akirudishwa harudi tena darasani, anakuja kupiga msasa.

Jumatano mchana kikundi kizima kikajaa karakanani kwangu, maana chuoni chumba cha kikundi kimefungwa tangu mwaka jana na mwenye ufunguo hajulikani. Ndivyo walivyo wakubwa wa chuo. Niliwapa meza ya watu sita niliyokuwa sijaimaliza, nikawaonya wasiegemee upande wa kushoto.

Walikuwa wanne. Binti yangu, kiongozi wa kikundi. Kijana wanayemwita Kompyuta, kwa sababu vidole vyake vinakimbia kuliko akili. Mchungaji, ambaye si mchungaji, ila hawezi kuandika kurasa mbili bila kumkemea mtu. Na dada mmoja mkimya, Bi Takwimu.

Ripoti ilihusu foleni ya kituo cha afya: kwa nini watu wanakaa sana. Kituo kile nakifahamu. Mke wangu aliwahi kukaa pale asubuhi nzima ameshika tumbo, na bwana mkubwa wa kituo akapita akinywa chai. Kwa hiyo nilikuwa napiga randa polepole ili nisikie.

"Tuanze na shukrani," binti alisema. "Zipo nne. Mungu kashukuriwa mara nne, wazazi mara nne."

"Na mchumba wa Kompyuta mara moja," akasema Bi Takwimu.

"Huyo asiguswe!" Kompyuta akaruka. "Nilishamwonyesha."

Wakamfuta. Kisha wakaja kwenye majina. Wanaopanga foleni Mchungaji aliwaita waumini wa afya, Bi Takwimu aliwaita sampuli, binti aliwaita wagonjwa, na Kompyuta aliwaita wateja.

"Hilo nilishalimaliza jana," Kompyuta alijisifu. "Niliamuru mashine ibadilishe kila 'wagonjwa' iwe 'wateja'. Sekunde moja tu."

Binti akafungua ukurasa wa tisa, akasoma kwa sauti: "'Wodi ya wateja mahututi ina vitanda sita.'"

Mchungaji akacheka mpaka akaegemea upande wa kushoto. Meza ikalia. Nikamtazama, akanyooka.

"Endelea," akasema Bi Takwimu. "Ukurasa wa kumi na moja, maneno ya muuguzi tuliyemhoji."

"'Tunawahurumia wateja wanaotapika.'"

"Yule mama hakusema wateja!" Mchungaji akang'aka. "Umemlisha maneno mdomoni. Mtu akishasema kitu, hicho ndicho alichosema."

Basi wakakubaliana: wataandika "wagonjwa" mwanzo hadi mwisho, jina la wodi na maneno ya waliohojiwa yarudi kama yalivyokuwa, na Kompyuta arudi kuyasoma moja moja kwa macho yake. Alinuna kama aliyenyang'anywa sahani.

Kumbe hayo yalikuwa maji ya magotini. Kina kilikuja kwenye hitimisho.

Kila sehemu ilikuwa na la kwake. Kompyuta alihitimisha kwamba madaktari ni wachache. Mchungaji alihitimisha kwamba watu hawana subira, maana foleni ni ndogo. Bi Takwimu alihitimisha kwamba hali inatisha. Na binti yangu, niliyemlea mwenyewe, aliandika kwamba kituo kinafanya vizuri!

"Mwanangu," nikasema, "umehongwa?"

"Baba, tafadhali. Daftari la kituo linasema kusubiri ni dakika arobaini. Hata Kompyuta kaandika arobaini."

"Mimi nina mia moja na sitini," Bi Takwimu akasema.

"Mimi kumi na tano," akasema Mchungaji. "Kwa hiyo mmoja wetu ni mwongo, na mimi najijua."

"Unajijua kwamba ni mwongo?" akauliza Kompyuta.

Ikawa vurugu. Kompyuta akapendekeza wachukue wastani wa zote tatu, wamalize waende. Binti alikuwa karibu kukubali.  Alishaanza kujiona ameshika msasa.

Mimi sijui kuandika ripoti. Lakini nilishawahi kuletewa miguu minne ya meza, kila mguu umekatwa na fundi wake, na kila fundi anaapa kwamba alipima sawa. Hapo humwiti mtu mwongo. Unauliza futi aliianzishia wapi.

"Mlianza kupimia wapi?" nikauliza.



"Mimi," Bi Takwimu akasema, "kuanzia getini mpaka mtu anapata kadi."

"Mimi kuanzia kadi mpaka kwa daktari," akasema Kompyuta. "Daftari linaanzia hapo."

Mchungaji akakuna shingo. "Mimi nilikaa dirisha la dawa. Kulikuwa na benchi."

"Na wote mmeviita muda wa kusubiri?" nikauliza.

Wote walikuwa wameviita muda wa kusubiri.

Bi Takwimu alishachukua penseli. Walikuwa wamewafuata wagonjwa hamsini wale wale, siku ile ile, kwa hiyo vipande viliungika: mia moja na sitini, arobaini, kumi na tano. Dakika mia mbili na kumi na tano. Wakaviita kusubiri kadi, kusubiri daktari na kusubiri dawa, wakaandika maana zake ukurasa wa kwanza ili asipotee mtu.

"Ngojeni," Bi Takwimu akasema. "Geti linafunguliwa saa kumi na mbili. Wagonjwa wangu wote walikuwepo saa hiyo. Dirisha la kadi linafunguliwa saa mbili. Dakika mia moja na ishirini wamekaa mbele ya dirisha lililofungwa. Zaidi ya nusu ya yote."

Nikaacha randa. 

Baada ya hapo kazi ikawa ya kukata. Mahitimisho manne yakafa, likazaliwa moja: dirisha lifunguliwe pamoja na geti. Chochote kisichoelekea huko kilitoka. Mchungaji aliomboleza kurasa zake mbili za subira kama msiba. Hoja ya Kompyuta ya uchache wa madaktari ikabaki aya moja, baada ya sehemu ya kadi. Binti akaiandika ripoti yote upya kwa mkono mmoja, sauti moja, wao wakimsomea na kumbishia kila mstari, na saa kumi na moja jioni sikuweza tena kujua nani alileta nini.

Alhamisi saa tano na nusu ikafika mezani kwa mhadhiri. Ijumaa akawaita. Akasema ni ripoti moja, tena nzuri, ina hoja inayotembea kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Nikataka kumsamehe. Halafu akatoa fomu ya ofisi ya mitihani. Fomu ina mistari minne. Kila mwanafunzi apewe alama za sehemu aliyoandika yeye, vinginevyo matokeo ya kikundi yanazuiwa. Fomu aliitunga mkuu wa mitihani, na mkuu yuko safarini.

Binti alirudi nayo nyumbani. Tumeiweka juu ya meza, ambayo sasa haichezi. Wiki ya pili hii, wote wanne wanakuja, wanaikodolea macho, wanaondoka. Swali lililowashinda ni fupi, limeandikwa chini kabisa ya fomu:

"Hitimisho liliandikwa na nani?"