Nusu ya Kivuli

Kwa kazi ya kutengeneza macho pichani, Nyeri nzima hapakuwa na mkono kama wa Ngendo, na yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo taabu. Walimu waliokesha wakisahihisha mitihani, maharusi waliolia usiku kucha, makarani waliozidisha pombe ya muratina, wote walipigwa picha na Mzee Wamae, mwenye studio, kisha negativu zao, zile filamu za kuchapia picha, zikaletwa kwenye dawati la Ngendo kando ya dirisha. Hapo ndipo walipopumzika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kinyumenyume. Kwenye negativu, kilicho cheusi usoni huonekana cheupe. Duara jeusi chini ya jicho lilikuwa doa lililopauka tu, na Ngendo alilijaza kwa penseli ngumu iliyochongwa hadi ncha ikawa kama sindano, vialama vidogo vidogo vya kuzungukazunguka, baada ya kupaka dawa nyembamba ili penseli ishike. Alipoongeza penseli, picha ilitoka nyepesi. Akizidisha, mtu alitoka na macho kama yai lililochemshwa.

"Nusu," Mzee Wamae alimwambia tangu siku ya kwanza. "Ondoa nusu ya kivuli, nusu mwachie mwenyewe. Ukiondoa chote umezaa mtu mwingine, na huyo hana mama wala baba."

Basi mwaka wa sabini na nne, mvua za Machi zikianza, akaja Mama Gatimu, muuza karoti wa soko la Karatina. Mzee alimpiga picha, lakini mama hakuondoka. Alisema anataka kumwona yule wa kutengeneza macho. Aliketi mbele ya dawati polepole, kamba za viatu zikiwa zimefunguliwa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Macho yake yalikuwa mekundu hadi kwenye kope, na weusi wa chini umeteremka karibu na mashavu.

"Ni moshi wa jikoni, Mama?" Ngendo aliuliza kwa adabu.

"Moshi tulizoeana zamani. Ni moyo. Daktari amesema umechoka. Nikilala siwezi kupumua, kwa hivyo naketi tu mpaka kuche." Akalisema hilo kama anayetaja bei ya kabichi. "Sasa sikia, mwanangu. Kijana yangu Gatimu yuko India, anasomea uinjinia, amebakisha mwaka moja. Kuna mdomo mrefu umemwandikia ati mimi ni mgonjwa. Anasema barua zangu haziamini, kwa maana naandikiwa na mwalimu. Anataka picha. Akiona niko vibaya, anaacha masomo anakuja."

"Si aje, Mama?"

"Aje afanye nini? Anitazame? Akikanyaga hapa hatarudi huko tena. Miaka hiyo yote nimebeba magunia na huu mgongo, halafu arudi mikono mitupu aje kunishikia kikombe? Ngai!" Alipumzika kidogo apate pumzi. "Nitengenezee macho. Lakini niwe mimi. Huyo mtoto ananijua kuliko kioo. Ukiniosha sana atashtuka."

Ngendo angeweza kukataa. Angeweza pia kuharibu kidogo, kuzidisha penseli, kijana aone mama yake ana macho ya sanamu na ajue kuna jambo. Wazo hilo lilimjia, tusidanganyane. Lakini lilikuja na jingine nyuma yake, kwamba hapa ndipo mkono wake utajaribiwa hasa, na hilo la pili ndilo lililomkalisha dawatini.

Alishinda siku mbili kwenye uso ule. Filamu ya Mzee ilikuwa ya mtindo wa kale, isiyouona wekundu. Kila kilicho chekundu ilikitoa cheusi. Kwa hiyo mishipa ya macho ilikuwa imesimama kama nyufa. Aliifunika mmoja mmoja, akaacha mmoja kwenye pembe, maana mtu wa shamba asiye na mshipa hata mmoja ni nani? Weupe wa jicho hakuufanya mweupe kabisa, aliuacha na ukijivu wake. Duara akalipunguza hadi nusu, mkunjo wa chini ya kope akauacha palepale ulipokuwa, kwa sababu mkunjo ule alizaliwa nao. Nukta ya mwanga kwenye mboni hakuigusa.

Mzee Wamae aliitazama picha kwa muda mrefu. "Hii hata mimi ningeapa haijaguswa," akasema.

Na Mama Gatimu aliicheka hadi akakohoa. "Haiya! Huyu ni mimi wa juzi juzi!"

Mwezi wa Mei alirudi na karoti kwenye kiondo na barua mkononi. Ngendo ndiye aliyemsomea. Mama, nimekuona na roho yangu imetulia, nitamaliza kwanza. Mama Gatimu akaomba isomwe tena, akaikunja, akaitia kifuani. Ngendo naye, siku hiyo, alirudi nyumbani akiimba. Aliona fahari. Baadaye alilikumbuka hilo kuliko mengine yote, ule wimbo.

Mama Gatimu alizikwa mwezi wa Agosti.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wake alifika mwaka uliofuata, amevaa koti la sufu, mrefu, na ule mkunjo wa chini ya kope ukiwa palepale kwenye uso wake. Ngendo alimjua kabla hajafungua mdomo.

"Wewe ndiye Ngendo?"

"Ndiye mimi. Pole sana, ndugu yangu. Pole."

Gatimu aliweka picha kwenye dawati. Ilikuwa imechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Laiti angekuwa na hasira. Ngendo alikuwa amejiandaa kwa hasira. "Niliitazama na lenzi," akasema taratibu. "Nilikuwa natafuta uongo. Kama ningeona hata kidogo, ningekuja. Sikuona. Nilisema, huyu ni mama."

Mzee Wamae alijifanya anapanga vitambaa.

"Mwalimu ameniambia mama mwenyewe ndiye aliomba. Sikulaumu. Nataka tu kumwona. Vile alikuwa."

Ngendo alitoa negativu kwenye bahasha. Aliiweka juu ya kioo, akalowesha pamba kwa tapentaini, na mkono ukakataa. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Akafuta mara moja, dawa na penseli pamoja. Zile siku mbili za kazi zikabaki kwenye pamba zikiwa doa dogo la kijivu, na akafuta tena pakawa safi.

Chumbani mwa giza, chini ya taa nyekundu, walisimama bega kwa bega. Karatasi ililala ndani ya dawa ikiwa nyeupe. Yaliyotangulia kutokea yalikuwa yale maduara, kisha nyufa za mishipa, kisha mama mzima, ameketi wima kama mtu aliyeogopa kulala.

Gatimu alishika ukingo wa meza. Alilia bila sauti, na Ngendo alilia naye, hakuficha.

Ikaoshwa, ikakauka. Gatimu akazilinganisha zote mbili dirishani kwa muda, kisha akaichukua mpya, na ile ya zamani akaisukuma kwenye dawati.

"Hata huyu ni mama," alisema, akigusa ile iliyochakaa. "Hukumkosea hata kidogo." Akaitia ile mpya ndani ya koti. "Lakini huyu ndiye aliyekuwa ananingoja."