Chumba cha Kusomea Kilichokosa Wasomaji

Habari hii nilipewa na mpwa wangu, fundi cherehani, wiki ile aliyokuja kuniuguza mguu. Alinisimulia huku ameinamia beseni la maji ya moto, hataki kunitazama usoni, nami sikumlazimisha.

Fundi huyo anaishi na wenzake watano katika chumba kimoja: mumewe, mama mkwe mwenye kikohozi, mapacha wa darasa la pili, na binti mkubwa aliyebakiza miezi miwili afanye mtihani wa kumaliza shule. Pazia limegawa chumba. Upande huu vitanda, upande ule cherehani, majiko na masufuria. Cherehani ikianza kulia asubuhi, hainyamazi mpaka watu wanataka kulala. Lakini nje ya mlango huo fundi ni mtu wa kujitutumua. Nguo zake zimepigwa pasi, na mgeni akija hupokewa barazani, hapiti ndani hata mvua inyeshe.

Sasa mtaa wao ulipata chumba cha bure, stoo ya zamani nyuma ya ofisi ya mtaa. Wakakipaka rangi, wakatia taa nne, meza ndefu na viti kumi na vinane, ili wanaokosa utulivu nyumbani wapate pa kusomea. Fundi alikuwa kwenye kamati. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyetunza maktaba ya shule miaka mingi, alisema, "Wekeni daftari mlangoni. Mtu aandike jina, saa aliyoingia na saa aliyotoka. Basi."

Fundi ndiye aliyepinga. Alisimama, mkono kiunoni. "Mwalimu, tukiacha wazi hivyo, watajaa watoto wa wenye nafasi zao. Tupite nyumba kwa nyumba na fomu. Tuulize mnalala wangapi, mna vyumba vingapi, mtoto anasomea wapi. Mwenye shida ya kweli ndiye apewe kiti."

Wakampigia makofi. Mwalimu akakuna kichwa.

Kazi ya kupita na fomu akapewa muuza mkaa, mjumbe mwenzao, mwanamke wa sauti ya kuitia ng'ombe. Alipofika kwa fundi, barazani palikuwa na wateja wawili na jirani aliyekuja kuazima kinu.

"Haya, fundi, zamu yako! Mnalala wangapi humo?"

Fundi akahisi masikio yanawaka moto. Jirani alikuwa ameacha kinu, anatega sikio.

"Tunatosha," akasema.

"Kutosha si namba, mwenzangu. Vyumba?"

"Viwili." Alikuwa analihesabu pazia.

"Na binti anasomea wapi?"

"Ana meza yake. Kumetulia kabisa."

Binti alikuwa ndani, kalalia kitabu juu ya ndoo iliyofudikizwa, kwa maana meza pekee ya humo, ya cherehani, ilikuwa imejaa vitambaa. Alisikia kila neno. Tangu siku hiyo akitoka shule hakurudi nyumbani mpaka giza linaanza kuingia. Akiulizwa, hujibu, "Nilikuwa nasoma, mama," na fundi hakuuliza wapi, kwa kuwa alikuwa anaogopa jibu.

Jibu akalikuta mwenyewe. Alipeleka sare za wauguzi kwenye zahanati, saa kumi na moja jioni, akamwona binti yake kwenye benchi la wagonjwa, kati ya mama mjamzito na mzee aliyefungwa bandeji. Daftari magotini, kadi ya namba mkononi. Muuguzi akatoka, akaita namba. Binti akaisogeza kadi yake kwa mzee: "Tangulia, babu." Mzee akatangulia, binti akachukua kadi ya mzee, ya nyuma zaidi, akaendelea kuandika.

Muuguzi alipomwona fundi, akacheka. "Mama fundi, umekuja kumwona mgonjwa wetu? Huyu haponi! Wiki ya tatu sasa. Mwanzoni nilidhani ana tumbo, kumbe ana hesabu."

Watu wa kwenye benchi wakacheka, bila ubaya. Fundi naye akajaribu kucheka, midomo ikakataa. Akaweka sare mezani, akatoka bila kupokea hata shukrani. Binti hakuinua uso.

Kesho yake kamati ikakaa. Muuza mkaa akasoma matokeo: nyumba sitini na mbili zimepitiwa, tatu tu zimesema hazina pa kusomea.

"Alaa!" Mwenyekiti akafurahi. "Kumbe mtaa wetu uko vizuri! Basi, jamani, viti kumi na vinane kwa watu watatu ni anasa. Yupo mtu anataka stoo ya magodoro. Tumpe, hao watatu tutawatafutia kona."

Vichwa vikatikisika kukubali. Fundi alikuwa ametazama sakafu. Alijua akinyamaza dakika moja tu, magodoro yataingia, na binti yake atabaki mgonjwa wa zahanati mpaka siku ya mtihani. Akasimama. Mara hii mkono haukuwa kiunoni. Ulikuwa umeshika kiti.

"Fomu yangu ni ya uongo," akasema.

"Unasemaje?"

"Tunalala sita chumba kimoja; hicho cha pili ni pazia. Mwanangu hana meza. Anasomea zahanati, kwenye benchi la wagonjwa. Mimi ndiye niliyesema tuulizane maswali yale, na mimi ndiye niliyeshindwa kuyajibu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Ndipo muuza mkaa, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akasema, "Na yangu pia. Niliijaza mwenyewe. Nimeandika vyumba vitatu."

"Vitatu!" Mwenyekiti akashangaa. "Cha tatu kiko wapi?"

"Hata mimi nakitafuta."

Wengine wakacheka, wengine wakatazama vidole vyao. Mwalimu akasema, "Tumewaomba watu wavue nguo ndipo tuwape kiti. Nani atavua? Wekeni daftari."

"Na wenye nafasi zao wakija?" akauliza mwenyekiti.

"Mwenye chumba chake kizuri atafuata nini kwenye kiti cha mbao? Akija, ujue naye ana lake. Viti vikijaa, tupeane zamu za saa mbili mbili, na wenye mtihani muhula huu watangulie jioni."

Wakakubaliana. Fomu zikachomwa uani, muuza mkaa mwenyewe akiwasha.

Lakini maneno hayachomeki. Kabla ya jua kuzama mtaa wote ulishajua pazia la fundi. Mteja mmoja akamtania, "Fundi, nishonee na mimi chumba cha pili!" Na nyumbani binti alikuwa anamsubiri, macho mekundu.

"Umenitangaza, mama. Zahanati walikuwa wananificha. Sasa kila mtu anajua."

"Nilitaka upate kiti."

"Ungesema siku ile ya fomu, ungesema mara moja tu, kwa mtu mmoja."

Ilikuwa kweli tupu.

Siku mbili binti hakwenda popote. Siku ya tatu akabeba vitabu. Fundi alipopita nje ya stoo ile, akajibanza ukutani kama mwizi, akachungulia. Viti kumi na vitano vilikuwa na watu: watoto wa jirani wa kinu, kinyozi na kitabu cha udereva, mtoto wa mwenyekiti, na binti yake, kidole sikioni kwa mazoea ya nyumbani, ingawa humo hamkuwa na kelele ya kuziba. Fundi akaondoka haraka asionekane.

Baada ya chakula binti akasema, akiwa amemgeukia bibi yake, si mama, "Pametulia." Akajilaza karibu na mapacha, akalala papo hapo.

Fundi akabaki ameketi mbele ya cherehani asiyoizungusha. Alitaka kumwomba radhi binti, lakini alikuwa amekwisha lala. Akaukunja mshono, akazima taa, akajibanza ukingoni mwa kitanda. Usingizi ulimkawia, kisha ukamchukua.