Mada ya Bomba Kavu

Darasani walimwita Jalada, na wala hawakuwa na nia mbaya. Kila ilipotolewa kazi ya kikundi, wenzake waligawana mambo ya maana, kisha yeye akaachiwa kupamba jalada. Alichora maua yake, akatabasamu, akarudi nyumbani. Alitamani, jamani, siku moja tu kazi ikwame kwa sababu yeye hayupo.

Muhula huu kikundi chao cha wanne kilimpelekea mwalimu wa sayansi mada ya "Faida za Maji". Mwalimu akaisoma, akawarudishia. Aliwaambia mada hiyo mwenzao Kiranja angeimaliza peke yake kwa kunakili vitabu, nao watatu wabaki kumshikia rula. Wamletee mada ambayo akikosekana mmoja wao, wengine hawasogei.

Wakaumiza vichwa mpaka Jalada alipouliza, kwa sauti ya kuomba radhi, kwa nini bomba la uani pale shuleni hukauka kila mchana. Hapo kila mtu akapata pake. Kikokotoo, bingwa wa hesabu, angepima kwa ndoo na saa maji yanayotoka. Penseli angechora ramani ya mabomba. Kiranja, mwenye kalamu nyepesi, angeunganisha yote kwenye ripoti. Na Jalada, anayepiga soga na kila mtu hadi mlinzi, angewauliza wapishi, wafagizi na mtunza bustani nani hufungua maji, wapi na wakati gani. Bila majibu hayo Kikokotoo asingejua apime lini, wala Penseli aanzie bomba lipi.

Yote hayo Jalada aliyaelewa. Moyo ndio uliokataa kuamini kwamba anahitajika. Basi siku ya kuanza kazi akamwambia mama yake tumbo linamuuma, akajilaza karibu na dirisha.

Kila aliposikia hatua barabarani aliinua shingo, na kila zilipopita alizidi kunyong'onyea. Mchana akajiambia wameshamaliza bila yeye. Akajuta kuwajaribu, maana kutojua kulikuwa na nafuu yake.

Jioni mlango ukagongwa. Walikuwa wote watatu, wamelowa jasho, Kikokotoo na ndoo yake mkononi. Hakuna aliyemjulia hali.

"Tumekaa pale kama mizigo," Kiranja alifoka. "Wapishi wametufukuza jikoni. Mtunza bustani kasema ataongea na wewe tu. Kweli uumwe leo, siku nyingine zote za kuumwa hukuziona?"

"Nisameheni."

"Msamaha haujazi ndoo. Kesho uje."

Mama alitaka kuwakemea kwa kumgombeza mgonjwa, lakini Jalada akamshika mkono, amwache Kiranja aendelee. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumkasirikia kwa kukosekana. Aliketi kitandani machozi yakimtiririka, akitamani wasinyamaze.