Yote Kati Yetu

"Jaji aonje," alisema mwenyekiti Kipkosgei, na akaweka mfuko wa kahawa juu ya meza ya wakili Nekoye. "Aonje tu. Akisema ina uvundo, sisi tunyamaze."

Nekoye alifumba macho. Ofisini kwake Kitale siku hiyo stima ilikuwa imepotea, chai imepoa, na hii ilikuwa mara ya ngapi sijui anamweleza mtu huyu jambo lile lile.

"Mzee, jaji wa Bungoma haonji kahawa. Msuluhishi wa London alishaamua ilikuwa mbaya. Hata kama alikosea."

"Hata kama alikosea?"

"Hata kama alikosea kabisa! Mkataba wa New York, ambao Kenya ni mwanachama, haumruhusu jaji kurudia kesi. Kuna sababu chache tu za kukataa uamuzi wa nje, zimeandikwa kifungu cha tano, na kahawa tamu haimo."

"Basi huo mkataba uliandikwa na watu hawajui kahawa."

Haya basi. Nekoye alivuta pumzi. Mnunuzi wa London alikuwa amedai fidia ya kahawa mbovu, akashinda usuluhishi huko kwao, yaani kesi mbele ya msuluhishi badala ya mahakama, na sasa alikuwa amekuja Mahakama Kuu ya Bungoma kuomba uamuzi ule utekelezwe hapa. Ukitekelezwa wote, kiwanda cha kahawa cha chama cha Kapsokwony kitapigwa mnada. Na bila kiwanda, wanachama watarudi kuuzia mabroka kahawa mbichi kando ya barabara, kwa bei ya kutupa, kama zamani. Nekoye aliwajua. Wengine walikuwa wamesomesha watoto hadi chuo kwa sababu ya kile kiwanda.

"Tuanze tena, sababu moja moja," alisema. "Mkataba wenu ulikuwa halali?"

"Nilisaini mimi mwenyewe."

"Mlipata taarifa ya kesi?"

"Tulipata, vizuri sana."

"Ungejua vile hilo jibu limeniuma! Msuluhishi aliteuliwa vile mlikubaliana?"

"Ndiyo."

"Uamuzi umefutwa huko London?"

"Si ulisema wakati wa kuomba hivyo ulipita?"

"Ulipita. Sasa tuna kitu kimoja tu, na tafadhali usikiharibu." Aliinama mbele. "Mlimuuzia huyu mtu mara mbili. Mauzo ya mwaka jana yana mkataba unaosema mgogoro uende London. Mauzo ya mwaka uliotangulia huo mlikubaliana kwa simu tu, hakuna mahali mlisema usuluhishi. Lakini msuluhishi ameamua yote mawili. Hilo la zamani hakuwa na ruhusa ya kuligusa. Tukionyesha hivyo, jaji anaweza kulikata na kuacha hili jipya peke yake. Hili jipya mtaliweza?"

"Kwa mavuno ya msimu mmoja, tutaliweza."

"Na hilo la zamani ndilo kubwa. Likitoka, kiwanda kinabaki."

Kipkosgei alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Si ungesema hivyo mapema, wakili."

Nekoye angempiga na faili, kama si heshima.

Alipeleka majibu mahakamani akiwa na matumaini kamili. Wiki iliyofuata Barasa, wakili wa mnunuzi, mtu mpole wa kukera, akamletea hati ya kiapo ya nyongeza. Nekoye alisoma kurasa mbili, akasimama, akaketi, akampigia Kipkosgei simu.

"Mzee! Ulimwandikia msuluhishi?"

"Ndiyo. Nilimjibu."

"Na ukamtumia asali?"

"Debe moja, dogo. Ya Cheptais. Hawa si ndio wazee watatusikiza? Huwezi kuitwa na wazee ukaenda mikono mitupu. Lakini waliirudisha, wakaniandikia kwa ukali kidogo, ati pande zote zimejulishwa."

"Asali si shida! Asali ni aibu tu. Shida ni barua!" Sauti ilimpanda mpaka karani akachungulia mlangoni. Akasoma kwa sauti: "'Tumepokea madai kuhusu mauzo yote mawili. Tunaomba wazee mmalize yote kati yetu, ya zamani na ya sasa, lisibaki neno.' Mzee, ni nini hii?"

"Ni adabu," alisema Kipkosgei, bila kuelewa hata kidogo. "Huku kwetu wazee wakikaa, unaweka yote chini. Ukificha moja, wataona una hila. Na ugomvi unarudi."

"Ulimpa ruhusa! Lile jambo hakuwa na ruhusa nalo, wewe ukampa kwa mkono wako, na sahihi, na muhuri wa chama!"

"Nilidhani ni vizuri."

Nekoye aliliendea shauri hivyo hivyo, maana nini tena angefanya? Mbele ya jaji pale Bungoma alijitahidi. Alisema barua ile ilikuwa salamu za kistaarabu, si makubaliano ya usuluhishi. Kwamba mwenyekiti wa kijijini hawezi kufungwa na adabu yake. Akaongeza hata sera ya umma, sababu nyingine ya kifungu cha tano, kwa sababu wanachama walijaa viti vya nyuma na Kipkosgei alimsihi. Barasa alisimama dakika chache tu, akasoma ile barua polepole, akakaa.

Jaji alitoa uamuzi bila kuzungukazunguka. Sera ya umma, alisema, si mlango wa kila aliyeonewa huruma. Ni ya uamuzi unaovunja Katiba au unaokwenda kinyume na haki na maadili ya nchi, na hapa hakuna kitu kama hicho. Kuhusu mauzo ya zamani, mnunuzi aliyataja katika madai yake na kusema nayo ni ya usuluhishi. Chama kilijibu kwa maandishi, hakikupinga, kikaomba yamalizwe. Hayo ni makubaliano. Mtu hawezi kumpa msuluhishi jambo mkononi, kisha akishindwa aseme hakumpa. Uamuzi utekelezwe wote.

Nje kwenye veranda ya mahakama, Nekoye hakuweza kujizuia tena. Hasira ya miezi yote ilimtoka.

"Neno moja, mzee! Ungesema neno moja tu, 'tunapinga la zamani', ama ungekaa kimya kabisa. Kwa nini hukuniuliza kwanza? Mimi ni wakili wenu ama ni picha ya ukutani? Kwa nini hukupiga simu?"

Kipkosgei alitazama kofia yake mikononi. Alijibu polepole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake.

"Nilipiga, wakili."

"Lini?"

"Siku ile ile karatasi za London zilikuja. Ulikuwa kwa harusi ya dadako hapa Bungoma, muziki ulikuwa juu. Nilikuambia wamenishtaki kwa yote mawili, nifanye nini. Ukasema, 'Mzee, usinyamaze. Jibu haraka, kwa heshima, tutaongea Jumatatu.' Jumatatu ulikuwa kortini. Basi nikajibu. Kwa heshima."

Nekoye alifungua mdomo kukana, na papo hapo akasikia muziki ule, akajiona amesimama kando ya hema na simu sikioni, kidole kimeziba sikio la pili, akitamani mzee amalize arudi kwa keki.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana. "Siku hizo zote nikikugombeza?"

"Ungesaidia nini? Ulikuwa unatupigania."

Chini ya ngazi wanachama walikuwa wamesimama wakiwatazama, akina mama wakiwa mbele, wakisubiri mtu awaambie kwa Kiswahili cha kawaida jaji alikuwa amesema nini. Kipkosgei alivaa kofia, akaanza kushuka.

"Ngoja, mzee," alisema Nekoye. "Hili nitawaambia mimi."