Laiki za Wasiokuja

Safari ya kwanza viti vilikaa vitupu. Mama alivaa gauni lake la kijivu, akapanga mikasi juu ya meza ndefu ya kukatia, akaketi kusubiri wanafunzi tangu asubuhi mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba. Waliokuja ni wawili: jirani aliyetaka kuazima pasi, na fundi umeme aliyekosea mlango. Na simu ya Sindano, siku hiyo hiyo, ilikuwa inalia bila kupumzika. Laiki, mioyo, hongera mama yetu, Mungu akuweke.

Sindano ndiye binti wa mwisho, na jina hilo alipewa kwa wembamba wake, ingawa waliomzoea walisema ni kwa ulimi. Yeye ndiye aliyeendesha ukurasa wa darasa la Mama mtandaoni. Mama alikuwa mkataji mkuu wa kiwanda cha nguo hadi alipostaafu, na sasa alitaka kufundisha ukataji pale pale sebuleni, ana kwa ana, mkono kwa mkono. Alisema wazi kabisa: viti vikibaki vitupu mara ya pili, meza ichukuliwe na mshona magodoro wa mtaa wa nyuma, na habari ya darasa isitajwe tena mbele yake. Mama hakuwa mtu wa kutisha watu kwa maneno ya bure.

Basi Sindano alikaa na takwimu za ukurasa kama mtu anayechambua mchele. Nusu ya wafuasi walikuwa nyumbani. Nusu nyingine walikuwa ng'ambo, wengi wao marafiki wa kaka yake anayefanya kazi huko na wateja wa zamani wa Mama waliohama na magauni yao. Mchoro wa saa wafuasi wanapokuwa mtandaoni ulikuwa na vilima viwili: kimoja jioni ya nyumbani, kingine usiku wa manane wa nyumbani, ambao kule ni jioni. Katikati palikuwa na bonde. Safari ya kwanza kaka yake alishauri watoe posti hapo katikati ili kila mtu apate chake. Wakaitoa katikati. Nyumbani watu walikuwa wanakwenda kulala, ng'ambo walikuwa kazini wakichungulia simu chini ya meza. Hao wa chini ya meza ndio waliobonyeza laiki, na programu ilipoona hivyo ikaendelea kuwasukumia wenzao wa huko huko.

"Anayebonyeza laiki si lazima awe anayekuja," Sindano alimwambia kaka yake kwenye simu. "Darasa liko sebuleni kwetu. Atakuja nani kutoka huko kwenu, kwa ungo?"

"Mdogo wangu, huko ndiko kunakopendwa kazi ya Mama."

"Kupendwa kumejaza kiti gani?"

Kaka alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyefurahi, akasema fanya unavyojua.

Sindano akafanya anavyojua. Aliangalia ni akina nani waliohifadhi ile posti ya kwanza na akina nani waliouliza njia. Wachache, lakini wote wa nyumbani, na wote walifanya hivyo jioni za katikati ya wiki, watu wakishatoka kazini na kabla ya kuzama kwenye shughuli za mwisho wa wiki. Akachagua Jumanne, saa moja jioni. Akatengeneza karuseli, yaani posti moja yenye picha kadhaa za kutelezesha kidole: ya kwanza mikono ya Mama na mkasi, zinazofuata hatua za kukata shingo ya gauni, ya mwisho ramani ya njia na namna ya kujiandikisha. Alirudia ile ya kwanza mpaka macho yakauma, maana mtu asiposimama kwenye ya kwanza, ramani ataiona wapi? Akaipangia muda wake, programu iitoe yenyewe saa ikifika, na Jumanne jioni akaenda kwa shangazi kumsaidia kuhama chumba. Aliporudi alikuwa hoi, akajitupa kitandani akijua kazi inajiendesha.

Jumatano asubuhi akafungua simu. Karuseli ilikuwa imetoka saa tisa usiku. Saa ambayo nyumbani hata walinzi wanasinzia.

Akampigia kaka yake papo hapo, bila hata kunawa uso.

"Umegusa nini kwenye ukurasa?"

"Nimekurekebishia tu," kaka akasema, sauti yake ikiwa na usingizi na fahari kidogo. "Nimefungua ratiba nikakuta umeweka saa tano asubuhi. Nikajua umeteleza. Uliniambia saa moja jioni, si ndiyo? Nikaweka saa moja jioni."

Sindano alifumba macho. Simu ya kaka yake ilikuwa inasoma ratiba kwa saa ya kule aliko. Saa tano asubuhi aliyoiona ndiyo ile ile saa moja jioni ya nyumbani. Alikuwa amesahihisha kisicho na kosa.

"Saa moja ya kwako, kaka! Ya kwako!" Alitaka kulia na alitaka kuvunja kitu, na pale karibu palikuwa na kikombe kimoja tu, tena cha Mama.

Kwenye posti kulikuwa na mafuriko ya mioyo. Waliouliza njia: hakuna. Hapo Mama akaingia, shikamoo ikaitikiwa, akavaa miwani na kuchukua simu. Alisoma moja moja, midomo ikicheza. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo Sindano hakuwa ameiona tangu siku ya viti vitupu.

"Wote hawa wanakuja?"

Sindano alitamani kaka yake awepo ajibu mwenyewe.

"Hapana, Mama. Hawa wako mbali."

Mama alivua miwani. "Aah," alisema, akarudisha simu na kwenda kuosha vyombo.

Sindano akaifuta ile posti yote, pongezi na mioyo na kila kitu, akamwondolea kaka yake ruhusa ya kugusa ratiba, na saa moja jioni ya siku hiyo hiyo, ya nyumbani, akaitoa tena kwa mkono wake. Akakaa akiitazama kwa hasira. Laiki zilidondoka moja moja kwa ubahili. Kisha msichana mmoja akauliza nyumba iko upande gani wa soko. Mwingine akauliza kama aje na mkasi wake. Fundi cherehani mmoja akaandika majina matatu, la kwake na ya wanafunzi wake. Kabla ya chakula cha usiku viti vyote vilikuwa na watu, na dada mmoja alisema yeye yuko tayari kusimama.

Mama alipoambiwa alifuta mikono kwa kanga, mara mbili, kama mtu asiyeamini kuwa imekauka.

"Na kaka yako?" akauliza. "Asubuhi niliona jina lake pale, maneno marefu, sikuwahi kumaliza. Hebu nisomee."

Sindano alishika simu asijue aiweke wapi. Maneno yale yalikwenda pamoja na mioyo yote, na yeye hakuyasoma hata mstari.

Akampigia. Kule ilikuwa mchana, kelele za mashine nyuma yake.

"Niko kazini, mdogo wangu, haraka."

"Mama anataka kusikia ulichoandika. Nimekifuta."

Kelele za mashine zikapungua, kama za mtu aliyesogea pembeni. Kisha kaka akasema polepole, "Niliandika kwamba sijawahi kuwa macho wakati jambo la Mama linapotokea. Nilitaka mara moja tu niwepo."

Sindano alimpa Mama simu, akatoka nje kwenda kuhesabu viti ambavyo idadi yake tayari aliijua.