Neno la Siri la Mzee Ndelilio

Ujumbe wa kwanza nilimwandikia kwa adabu zote: "Shikamoo Mzee Ndelilio. Naomba jina na neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, nibadilishe neno la siri la waya-lesi, hiyo Wi-Fi. Kuna watu wanatuibia. Herieth, mpangaji wako." Hakujibu. Nikaandika wa pili, nikaandika wa tatu.

Kumbe alijua vizuri nani anaiba. Mimi nilikuwa na kafe ya intaneti hapo Moshi mjini, wazungu wakishuka mlimani wanakuja kutuma picha kwao. Laini ilisajiliwa kwa jina lake, lakini bili nalipa mimi. Shemeji yake, Primus, akafungua mgahawa ukuta kwa ukuta na mimi, akabandika kibao: INTANETI BURE. Bure ya nani? Wateja wangu wote wakahamia kwake, na kompyuta zangu zikawa zinajikokota. Mwezi mmoja zaidi ningefunga duka.

Ruta ningeweza kuibonyeza kitufe cha nyuma ikasahau kila kitu, lakini ingefuta pia namba za kampuni zinazounganisha laini, na hizo sikuwa nazo.

Basi nikaandika wa nne: "Mzee, wageni wa Primus wanapakua sinema za wizi usiku na mchana. Laini ina jina lako. Polisi wakija kuuliza, nitawaelekeza kwako."

Dakika tano hazikupita. Akatuma jina na neno la siri, akaongeza: "Badilisha haraka mwanangu."

Niliingia kwenye ruta kwa furaha mbaya. Vifaa kumi na saba vilikuwa hewani, vyangu vya waya-lesi viwili tu. Nikabadilisha neno la siri la waya-lesi. Kisha, kwa kuwa hasira yangu ilikuwa haijashiba, nikabadilisha na lile la kuingilia mipangilio. Nikatoka nje kusikiliza wazungu wakimfokea Primus. Sijawahi kusikia kwaya tamu kama ile.

Siku mbili baadaye Mzee akashuka kutoka Old Moshi na jani la sale mkononi. Kwetu Uchagani ukiletewa sale hukatai, unasamehe.

"Mwanangu, nimekosa. Nilimpa Primus lile neno bila kukuambia."

Nililipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, baba."

Akashusha pumzi. "Basi nipe neno jipya, nimpelekee."

"Sale hili ni lako, baba. La Primus liko wapi?"

"Primus ana kiburi, unamjua."

"Namjua. Aje mwenyewe, mchana, wageni wake wakiwa wamejaa."

Alikuja Jumamosi hadi mlangoni kwangu, jani mkononi, wageni wa meza zake zote wakitazama. Nikamsamehe kwa sauti, kila mtu akasikia. Akabaki amesimama, kalamu na karatasi tayari kuandika neno jipya.

"Karibu tena, jirani," nikamwambia, nikarudi kuhudumia wateja wangu.