Tabaka la Vanishi

Nuhad alikuwa na ugonjwa mmoja tu mjini Irbid: hakuweza kupokea kadi ya harusi bila kuigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta kosa. Akikuta dhahabu imehama unywele mmoja kutoka mahali pake, hata pilau ya harusi hiyo haikumshuka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mchoraji wa kadi katika kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya soko la mboga, na kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo wateja hawakujua kuwa ipo: kuitenganisha kadi moja iwe nne.

Kadi ya binti wa Haji Mutlaq ilikuwa hivyo. Tabaka la kwanza lilikuwa la rangi, karatasi ya kijani kibichi yenye maneno ya mwaliko. La pili lilikuwa la dhahabu, jina la bwana harusi Qutayba na mistari miwili ya mapambo. La tatu lilikuwa la vanishi, maua ya kung'aa juu ya utandu usiong'aa. La nne lilikuwa la kuinua, masuke matatu ya ngano yatakayosimama juu ya karatasi kama mishipa ya mkono. Yote yalikuwa na ukubwa uleule na alama zilezile za msalaba pembeni, ili yakipangwa juu ya mengine yasipishane.

Asubuhi hiyo bibi harusi alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti cha Nuhad akisoma kwenye kompyuta.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Huyu hapa." Nuhad akaonyesha kwa kidole. Iliandikwa: Qutayba, na binti wa Haji Mutlaq.

"Huyo ni binti wa Haji Mutlaq. Mabinti wa Haji Mutlaq tuko wanne. Nauliza mimi."

Nuhad akacheka, kisha akaacha kucheka, maana macho ya msichana yalikuwa yamejaa maji. Ilikuwa desturi ya nyumba nyingi, naye alizipanga kadi za namna hiyo kwa mamia. Hata yake mwenyewe aliipanga kwa mikono yake hii, "binti wa fulani", na ingali sandukuni. Asiyekuwepo na lake halipo, wasemavyo watu, lakini harusi ni lake nani kama si lake yeye?

"Dada Nuhad, weka jina langu. Hata dogo. Hata kona."

"Nikimficha baba yako nitaitwa mwizi. Anayetia saini ni yeye." Nuhad akatafuna kalamu. "Lakini baba yako simfichi. Naweza kulificha jina."

Akamwonyesha. Angeliweka kwenye tabaka la vanishi, katikati ya maua. Halina wino wala rangi. Ukiishika kadi wima huoni kitu, ukiiinamisha kidogo kwenye mwanga, jina linang'aa. "Mwambie mama yako amweleze. Akikubali, tunachapa."

Mama alieleza, na Haji akajibu kwa simu kwamba kama halionekani, hana neno. Nuhad akaligeuza jina liwe mchoro ili lisibadilike sura kwenye mashine nyingine, akalipeleka kwenye vanishi, akahakikisha limelala juu ya kijani bila kukitoboa, kwa sababu tabaka likikatwa vibaya huacha shimo jeupe chini yake. Akatoa filamu tatu za plastiki, moja kwa kila tabaka lisilo la wino.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu aliyekaa na kazi yake hata akasahau kuwa wengine hawaijui. Haji Mutlaq alipofika kesho yake kutia saini, filamu zilikuwa zimelala wazi juu ya meza ya taa.

Filamu hazina dhahabu wala mng'ao. Kila kitakachokuwa kitu, juu yake ni cheusi tii. Na jina la binti yake, ambalo kazini hakuna mwanamume aliyewahi kulisikia kinywani mwake, lilikuwa pale katikati ya meza, nene na jeusi, likimulikwa na taa kutoka chini: WADHA.

Haji aliinama juu ya meza. Kisha akapaza sauti.

"Hili ndilo lisiloonekana? Hili hata kipofu analiona!"

"Haji, hiyo ni filamu tu—"

"Nimeambiwa halina wino. Wino huu ni wa nini, wa kunipaka usoni?"

Jiryis, fundi wa mashine, alitoka nyuma akifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa mji wa Husn, mzito wa mwili na mwepesi wa maneno. "Haji, kaa. Ukiwa na hasira chai yangu hainyweki, na leo nimetia maramia, majani ya kutuliza moyo."

"Chai hainywewi, fundi. Nataka kadi ya binti yangu bila haya mambo."

"Chai hunywewa. Haya mambo nipe robo saa."

Nuhad hakuogopa hasira za wateja, alishazizoea. Aliogopa kwamba msichana atarudishwa kuwa mmoja wa wanne, na kwamba ni yeye aliyesahau kufunika filamu moja. Akaeleza haraka haraka: weusi upo ili kuzuia mwanga. Filamu hulazwa juu ya wavu uliopakwa dawa, wavu humulikwa, na dawa hukauka kila mahali isipokuwa chini ya weusi. Ukioshwa, palipokuwa peusi panabaki wazi, na vanishi hupita hapo tu. Weusi wenyewe hauendi popote.

"Maneno," akasema Haji, ingawa alikuwa amekaa na glasi ya chai ilikuwa mkononi.

Robo saa ya Jiryis iligeuka saa nzima. Akamulika wavu, akauosha, akaukausha, akavuta vanishi juu ya karatasi moja ya kijani, akaipitisha chini ya taa ya kukaushia, akamletea Haji.

Haji akaishika mbele ya uso. Kijani kitupu, na maneno ya mwaliko. Akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Liko wapi?"

"Inamisha," akasema Nuhad.

Akainamisha, na jina likapita mbele ya macho yake. Akainua, likapotea. Akarudia mara nne, tano, na kila likitokea midomo yake ilisogea bila sauti. Nuhad akaona kwamba mtu yule hakuwa akisoma jina la binti yake peke yake.

"Nilimpa jina la mama yangu," akasema hatimaye. "Sijawahi kuliona limeandikwa mahali pazuri. Kwenye kitambulisho tu, na kwenye karatasi za hospitali." Akaweka kadi juu ya goti. "Alikwenda darasa la wanawake na miaka sitini yake. Akajifunza kuandika jina lake, akasema basi, linamtosha. Sasa macho yamekwenda. Hili hataliona hata mkiliinamisha mpaka lianguke."

Nuhad alichukua sampuli ya zamani kutoka droo, kadi yenye masuke yaliyoinuliwa, akaiweka mbele yake. "Haji, fumba macho upapase."

Alipapasa punje moja moja. Alipofumbua, alisema neno moja tu: "Lifanye hivyo."

Ilikuwa kazi mpya, na Nuhad aliifanya kwa furaha iliyomfanya aimbe, jambo lililomfanya Jiryis afunge mlango. Jina lilitoka tabaka la vanishi likaenda tabaka la kuinua. Herufi za Kiarabu alizinenepesha, maana mstari mwembamba haunyanyuki, huchana karatasi. Nukta akaisogeza mbali kidogo na herufi yake ili zisiungane kuwa donge moja. Anwani ya ukumbi iliyokuwa nyuma ya jina aliihamisha, kwa sababu kilichoinuka mbele huwa shimo nyuma. Hakukuwa na wino wala dhahabu, karatasi ileile tu iliyonyanyuka. Kwa siku tatu muhuri wa shaba ulichongwa, na Jiryis akatoa sampuli moja, akiinua mwisho kabisa baada ya vanishi na dhahabu, kwa kuwa kilichoinuliwa kikipitishwa tena chini ya mashine hulala.

Haji hakuja peke yake kutia saini. Alikuja amemshika mkono bibi kizee mwenye thobe, gauni refu jeusi la tarizi, na bibi harusi nyuma yao amebeba sinia la kunafa, vitamu vya jibini na shira.

"Wapi huyo mwanamke anayeandika?" akauliza bibi kizee.

"Mimi hapa, Hajja." Nuhad akamkalisha, akamwekea kadi mapajani, akamwongoza kidole hadi mwanzo wa jina.

Kidole kilikwenda polepole. Jiryis alizima mashine bila kuambiwa. Hajja alifika mwisho, akarudi mwanzo, akapita tena, na uso wake wote ukafunguka.

"Wau. Dhadi. Hee. Alifu. Ni mimi!" Akacheka kwa sauti, akampiga mjukuu wake paja. "Ni sisi!" Kisha akakunja uso. "Mbona dogo hivi?"

Akalipapasa tena.

"Na rangi yake nini? Linang'aa?"

"Halina rangi, nyanya," akasema bibi harusi kwa sauti ya chini. "Limeinuka tu. Wenye macho hawalioni sana."

"Wenye macho hawalioni? Basi kadi hii ni ya vipofu?" Akageuza uso kuelekea mahali alipojua mwanawe amesimama. "Mutlaq. Nani aliyetaka hivi?"

Haji Mutlaq, anayeogopwa na soko zima la mboga, alitazama viatu vyake. "Mimi, yumma. Watu watasema."

"Nilikuzaa mbele ya watu, mwanangu. Nikakuita jina lako mtaa mzima usikie, kila magharibi, urudi ule. Hawakusema kitu." Akanyoosha kidole hewani. "Jina la mvulana limetiwa nini?"

"Dhahabu," akasema Nuhad, na hakuongeza neno, ingawa ulimi ulimwasha.

Haji alitazama kidole cha mama yake kikipita tena juu ya karatasi. Kisha akamgeukia Nuhad.

"Inawezekana? Kuinuliwa, na dhahabu?"

"Inawezekana. Nalinakili kwenye tabaka la dhahabu palepale lilipo, na foili ya dhahabu itangulie kabla ya kuinua. Ila mkilitaka kubwa, muhuri tuuchonge upya."

"Uchongwe."

Bibi harusi aliweka sinia chini kabla halijamponyoka. Jiryis alivuta daftari la oda, akalamba ncha ya kalamu, akauliza bila kuinua kichwa, kama anavyomuuliza kila mteja: "Muhuri wa jina. Niandike jina gani, Haji?"

Mlangoni walikuwepo wachuuzi wawili waliofuata harufu ya kunafa. Haji aliwaona.

"Andika Wadha," akasema, na akasema kwa sauti. "Wadha binti Mutlaq."